Aya ya Mpaka

Mji wa Migori uko kusini kidogo ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Mtu yeyote mwenye atlasi ya shule anaweza kulithibitisha hilo kwa rula, na ndivyo alivyofanya mwalimu mmoja wa kaunti hiyo siku alipoketi kuandika upya aya ya historia kwa ajili ya watoto wa gredi ya 5. Mbele yake palikuwa na muhtasari uliokuwa ukizunguka shuleni kwa miaka, nakala ya nakala, na ndani yake sentensi isemayo kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania hufuata mstari wa digrii 1 kusini. Kama sentensi hiyo ingekuwa ya kweli, soko la Migori, makao makuu ya kaunti na darasa lake mwenyewe vingekuwa Tanzania.

Mstari huo wa digrii 1 upo kweli, ila ni mpaka wa majini. Ndani ya Ziwa Viktoria mpaka unaufuata kuelekea magharibi. Nchi kavu mambo hubadilika: kuanzia ufuoni karibu na Muhuru, mpaka huacha latitudo na kukata kwenda kusini-mashariki, ukapita Isebania kwa upande huu na Sirari kwa upande wa pili, ukaendelea hadi Kilimanjaro. Mtu aliyefupisha muhtasari ule hakutunga uongo. Alichukua sehemu moja ya ukweli akaitandaza mpaka pasipo pake, na madhara mengi ya kufupisha huingia kwa mlango huo.

Aya yenyewe ilikuwa ya klabu ya kusoma. Watoto wa klabu hiyo wengine ni Waluo, wengine Wakuria, wachache ni wa wafanyabiashara waliohamia, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Mwalimu alitaka kipande kimoja kifupi, kisomwe kwa sauti kwa dakika moja au mbili, kieleze kwa nini shangazi wa mtoto mmoja anaishi Sirari na kutumia shilingi nyingine. Mkononi alikuwa na matini mbili. Ya kwanza ni aya ya daftari la kidato cha pili, sahihi lakini nzito kama gunia la mahindi mabichi:

“Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1 Novemba 1886, yaliyofuatia uchunguzi wa tume kuhusu mipaka ya milki ya Sultani Barghash, yalimwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na kugawanya eneo la bara katika kanda mbili za ushawishi kwa mstari kutoka mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, kupitia kati ya Taveta na Uchaga, kuzunguka kaskazini mwa Kilimanjaro na kunyooka hadi pale digrii 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mstari huo uliendelezwa kuvuka ziwa kwa mkataba wa 1 Julai 1890.”

Matini ya pili ndiyo ile iliyokuwa ikizunguka kwa watoto wadogo:

“Mwaka wa 1884 Wazungu walikutana Berlin wakaigawa Afrika. Walichora mpaka kati ya Kenya na Tanzania. Malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake Mlima Kilimanjaro kuwa zawadi, ndiyo maana mpaka ulipinda. Mpaka hufuata digrii 1 kusini.”

Watoto waliipenda hii ya pili, na haishangazi. Ina mkutano, ina malkia, ina mlima uliofungwa kama zawadi ya krismasi. Shida ni kwamba katika sentensi nne hakuna hata moja inayosimama ikiulizwa swali la pili.

Ichukuliwe Berlin kwanza. Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885. Ulizungumzia biashara katika bonde la Kongo, usafiri katika mito ya Kongo na Naija, na utaratibu ambao taifa la Ulaya lingefuata likitaka kudai kipande kipya cha pwani ya Afrika. Haukuchora mstari wowote kati ya Muhuru na Shirati. Mstari huo ulitoka katika barua ambazo serikali za Uingereza na Ujerumani zilipelekeana mwaka wa 1886, mkutano ukiwa umefungwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwalimu alijua pia kwa nini kosa hili halifi: mkataba wa pili, ule wa 1890 uliopitisha mstari ziwani, ulitiwa sahihi huko huko Berlin. Mtoto akisikia Berlin mara mbili, na mwalimu akiwa na haraka ya mtihani, matukio mawili yanakuwa moja.

Kuna atakayeuliza kama mtoto wa miaka 10 anahitaji tofauti ya mwaka mmoja na nusu. Mwenzake mwalimu, anayefundisha Mbita upande wa Homa Bay, ndiye aliyeuliza hivyo walipokutana kwenye semina, naye si mtu wa kupuuza mambo. “Mwalimu,” alimwambia, “mimi nikimwambia mtoto Berlin, atakumbuka Berlin. Nikimwambia barua, atasahau kesho.” Jibu alilopewa lilihusu sababu kuliko mwaka. Ukisema mpaka ulichorwa Berlin, umesema kwamba mataifa mengi yaliketi mezani na kukata Afrika siku moja, na mtoto atauliza kwa nini Wareno au Wabelgiji hawakupata kipande cha Migori. Ukisema serikali mbili ziliandikiana, mtoto atauliza kwa nini hizo mbili, na kwa nini wakati ule. Swali hilo la pili lina jibu linalomfikisha pwani, Zanzibar na Moshi. La kwanza halimfikishi popote.

Zawadi ya Kilimanjaro ilimtesa zaidi, maana ilikuwa kipenzi cha darasa. Aliijaribu kwa njia aliyokuwa amejizoesha: kila palipo na “ndiyo maana” au “kwa sababu”, aliweka mwaka pembeni kwa penseli, mwaka wa sababu upande mmoja na mwaka wa tokeo upande wa pili. Mstari unaouacha Kilimanjaro upande wa Wajerumani ulikubaliwa 1886. Mjukuu anayetajwa ni Kaisari Wilhelm wa Pili, mtoto wa binti ya Malkia Viktoria, na alikalia kiti mwaka wa 1888. Mwaka wa 1886 Kaisari alikuwa bado babu yake, Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89. Zawadi ya Kaisari kijana ilikuwa imetolewa kabla hajawa Kaisari. Penseli tu, na hadithi nzima ikaanguka.

Lakini kuifuta haitoshi, kwa sababu mtoto bado anaona kwenye ramani kwamba mstari umepinda, na ukimnyang'anya sababu ya uongo bila kumpa ya kweli, ataiokota ile ile ya kwanza barabarani. Sababu ya kweli ipo na haihitaji malkia. Mwaka wa 1884 Mwingereza Harry Johnston alijipatia ardhi Taveta. Mwaka wa 1885 wakala wa kampuni ya Kijerumani alifunga mkataba na Mangi Rindi wa Moshi. Basi wakati wa kugawana ulipofika, kila upande ulikuwa na karatasi yake mkononi, Taveta kwa mmoja na Uchaga kwa mwingine, na mstari ukapitishwa katikati. Mlima ulikwenda na Uchaga. Mwalimu aliandika hayo kwa sentensi mbili, akazisoma, akaziondoa kwenye aya. Zilikuwa za kweli na tamu pia, ila zilimpeleka mtoto wa Migori kilomita mia kadhaa mbali na kwao katikati ya aya fupi. Alizihifadhi kwenye karatasi ya mwalimu, tayari kwa yule atakayeuliza. Aya yenyewe ikabaki na maneno “ukazunguka Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini”, ambayo hayadai sababu yoyote na hivyo hayawezi kudanganya.

Hapo ndipo kazi ya kupunguza inapoonekana ilivyo. Aya ya kidato cha pili ina majina ya mahali sita na tarehe mbili, zote katika sentensi moja ambayo mtoto hawezi kuisoma kwa pumzi moja. Desturi ya wengi ni kupunguza tarehe, kwa kuwa tarehe ndizo zinazoonekana ngumu. Mwalimu huyu alifanya kinyume. Aliondoa Umba, Jipe, Uchaga, maili 10 na neno “kanda za ushawishi”, akaziacha tarehe zote mbili, akaongeza na ya tatu. Jina la mahali likitoka, mstari unabaki pale pale ulipokuwa, ila umeelezwa kwa mbali kidogo. Tarehe ikitoka, matukio mawili yanagandana, na mtoto huanza kufikiri kwamba nchi kavu na ziwa viligawanywa siku moja kwa sababu moja. Haikuwa hivyo, na sababu hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Ya 1886 ilianzia kwa kampuni. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters na wenzake walipita bara mkabala na Zanzibar wakikusanya alama za watawala wa huko kwenye mikataba. Februari 1885 serikali ya Ujerumani iliipa kampuni yake hati ya ulinzi. Sultani Barghash alipinga, akisema nchi hizo zilikuwa chini yake. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Zanzibar, na Sultani akalazimika kulegeza. Uingereza, iliyokuwa imejipa cheo cha rafiki yake, haikutaka ugomvi na Ujerumani kwa ajili yake, lakini haikutaka pia Wajerumani wachukue pwani yote na njia ya kwenda ziwani. Ndipo ikaja tume ya kuchunguza Sultani anatawala wapi, na baada ya tume, mstari. Sababu ya kweli ya mstari ni madai mawili yaliyogongana, na serikali mbili zilizotaka kuyatenganisha bila kupigana.

Wengi hufupisha hayo yote kwa kusema “Wazungu walitaka ardhi na mali”. Ni kweli, lakini ni kweli kwa kila mpaka wa Afrika, na sababu inayofaa kila mahali haielezi mahali popote. Mwalimu aliipima sentensi ya namna hiyo kwa kubadilisha jina: iandike Naijeria mahali pa Migori, na ikiwa bado inasomeka sawa, bado hujaeleza Migori.

Ya 1890 ilikuwa na kisa kingine. Mpaka wa 1886 ulikomea ufuoni, na upande wa pili wa ziwa, Uganda yote, hapakuwa na makubaliano. Mapema 1890 Peters yule yule alifika kwa Kabaka Mwanga akapata mkataba. Kabla haujampa faida yoyote, wakubwa wake Ulaya walikuwa wamekwisha kufanya biashara nyingine: Ujerumani ilipokea kisiwa cha Heligoland, kilicho baharini karibu na mlango wa Mto Elbe, na kwa upande wake ikaachia Witu karibu na Lamu, ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, ikakubali mstari uvuke ziwa kwa digrii 1 kusini, Uganda ikabaki kaskazini. Kwamba maji wanayovua watu wa Muhuru yaligawanywa katika mkataba ule ule ulioamua kisiwa cha Bahari ya Kaskazini ni jambo ambalo darasa lolote lingelifurahia. Mwalimu alilipenda mno, na kwa sababu hiyo hiyo akalitilia shaka. Kisiwa kile hakikuwa sababu ya mstari kupita digrii 1. Kilikuwa sehemu ya bei ya mapatano mazima. Mtoto akisoma “Ujerumani ilipewa kisiwa, na mstari ukavuka ziwa”, ataunganisha hivi viwili kama pesa na bidhaa, maana watoto husoma “na” kama “kwa hiyo”. Heligoland nayo ikaenda kwenye karatasi ya mwalimu.

Kisha yakaja majina ya nchi. Mwaka wa 1886 hapakuwa na Kenya wala Tanzania. Kenya ilipata jina hilo rasmi kama koloni mwaka wa 1920, na mwaka huo huo ng'ambo pakaitwa Tanganyika; Tanzania ni ya 1964. Kuandika kwamba Wazungu “walichora mpaka kati ya Kenya na Tanzania” ni kumfanya mtoto aone nchi mbili zilizokuwapo tayari, zikasubiri tu ukuta. Dawa yake ni nyepesi: andika kaskazini na kusini mwa mstari, halafu majina ya nchi yaje katika sentensi ya mwisho baada ya neno “leo”. Alipowaza sentensi ya kwanza, “Zamani hapakuwa na mpaka hapa”, mzazi mmoja Mkuria aliyekuja kumchukua mtoto akamsikia akiisoma kwa sauti. “Mwalimu, mipaka tulikuwa nayo,” alisema. “Kila ukoo ulijua malisho yake yanapoishia.” Ilikuwa haki yake. Sentensi ikaongezewa neno moja, ikawa mpaka “wa serikali”.

Rasimu ilipelekwa Mbita. Watoto wa kule wako mbali kidogo na mpaka, ziwa wanalo mlangoni, na mwalimu mwenzake alitaka kuona kama aya inasimama bila msaada wa Isebania na Sirari. Ilisimama mpaka kwenye maneno “kaskazini mwa mstari pakawa sehemu ya Kenya ya Waingereza”. Mvulana mmoja aliyewahi kusikia kwamba reli ya Kisumu iliitwa reli ya Uganda aliuliza: kama reli ilikuwa ya Uganda, Kisumu ilikuwa wapi? Swali hilo lingemtoa jasho mtu mzima. Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901, na ilipofika hapo ilikuwa imeingia Uganda kweli, kwa kuwa nchi za mashariki ya ziwa, Nyanza yote ikiwamo, zilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda. Zilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Aprili 1902, sababu kubwa ikiwa kuiweka reli yote chini ya utawala mmoja. Kwa miaka kadhaa, basi, Homa Bay ya leo ilihesabiwa Uganda kwenye karatasi za Waingereza, ingawa wengi waliokuwa wakiishi hapo hawakuwa na habari.

“Kwa hiyo babu zetu walikuwa Waganda?” aliuliza mwingine, na darasa likacheka. Hawakuwa Waganda, mwalimu wa Mbita alieleza. Karatasi ilibadilika, watu hawakubadilika.

Swali la 1902 lilizua ubishi wa pekee wa maana kati ya walimu hao wawili. Wa Mbita alitaka mwaka huo uingizwe, kwa kuwa unawahusu watoto wake moja kwa moja. Wa Migori aliona kwamba ukiingia, utadai sentensi tatu za kueleza reli, na aya ya mpaka wa kusini itageuka aya ya mpaka wa magharibi. Walichokubaliana ni kwamba jambo la kweli linaweza kuachwa nje, mradi lililobaki ndani lisigeuke uongo kwa kukosekana kwake. Maneno “sehemu ya Kenya ya Waingereza” yalikuwa yamegeuka uongo. Yakabadilishwa kuwa “pakawa pa Waingereza”, ambayo ni kweli mwaka wa 1886 kwa maana ya madai, ni kweli chini ya Uganda, na ni kweli baada ya 1902. Aya ya reli ikapangiwa wiki nyingine.

Baada ya hayo aya ilisomeka hivi:

“Zamani hapakuwa na mpaka wa serikali kati ya Muhuru na Shirati. Waluo na Wakuria waliishi huku na huku. Mwaka wa 1885 serikali ya Ujerumani iliipa kampuni moja hati ya kutawala ardhi ya bara, mkabala na Zanzibar. Sultani Barghash wa Zanzibar alisema ardhi ile ni yake, lakini manowari za Kijerumani zilimtisha. Waingereza nao walitaka sehemu ya bara. Serikali hizo mbili za Ulaya hazikutaka kupigana, kwa hiyo mwaka wa 1886 ziliandikiana barua na kukubaliana mstari. Mstari ulianza pwani karibu na Vanga, ukazunguka Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi ufuo wa Ziwa Viktoria. Kaskazini mwa mstari pakawa pa Waingereza na kusini pakawa pa Wajerumani. Mwaka ule ziwa halikugawanywa. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1890, walikubaliana tena, na mstari ukavuka ziwa. Mara zote mbili watu wa hapa hawakuulizwa. Leo, kwa sehemu kubwa, mstari ule ndio mpaka wa Kenya na Tanzania.”

Ni ndefu kuliko ile ya malkia, na mwalimu wa Mbita hakuacha kumkumbusha hilo. Sentensi zake ni fupi, lakini kila moja imeshikwa na iliyotangulia. Kampuni haiwezi kuhamishwa baada ya manowari, wala manowari baada ya barua. Maneno “miaka minne baadaye” yaliongezwa makusudi ili mtoto asiachwe kutoa 1886 kwenye 1890 wakati anasikiliza kwa masikio tu. Na “kwa hiyo” iko moja tu katika aya nzima, mahali pale ambapo sababu inakamilika. Zilizokuwa nyingine ziliondolewa.

Ubishi mdogo ulibaki kwenye “kwa sehemu kubwa”. Kwa sikio la mtoto ni maneno ya kukwama, na msomaji mwepesi angeyafuta. Yanabaki kwa sababu ncha ya pwani ilisogezwa kidogo miaka michache baada ya 1886, na kwa sababu mstari wa karatasi si mstari wa ardhini. Ilipofika 1904 ndipo tume ya wapimaji wa Kiingereza na Kijerumani ilianza kutembea kutoka ziwani kuelekea Kilimanjaro ikiweka alama. Kwa miaka 18 kabla ya hapo mpaka ulikuwa sentensi tu, mchungaji angeweza kuuvuka na ng'ombe wake na asiwepo wa kumwonyesha alipouvuka. Neno dogo la tahadhari linabeba yote hayo bila kuyataja.

Kupima kama aya imefanya kazi, mwalimu hakuuliza maswali ya tarehe. Watoto wa shule hukariri tarehe bila shida na kuzisahau bila shida. Aliwaachia siku chache zipite, kisha akawaomba wamsimulie kisa bila kusoma, akaandika walichosema. Wengi walishika mfuatano: kampuni, Sultani, manowari, barua, mstari, ziwa. Barghash alikumbukwa na karibu kila mtu kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyesema hapana. Mwaka wa 1885 uliwapotea baadhi yao, lakini hata waliousahau hawakuiweka kampuni baada ya mstari. Upotovu uliojitokeza ulikuwa mahali ambapo hakuutarajia. Wasichana wawili walisimulia kwamba Wazungu waliandikiana barua ili wawasaidie watu wa hapa wasipigane. Walikuwa wamesoma “hazikutaka kupigana” wakapeleka vita kwa Waluo na Wakuria, maana ndio waliotajwa mwanzoni mwa aya. Sarufi iliwaruhusu, kwa kuwa “serikali hizo mbili” ilikuwa mbali mno na majina yake. Sentensi ikaandikwa upya: “Uingereza na Ujerumani hazikutaka kupigana zenyewe kwa zenyewe.” Majina yalirudiwa, neno “zenyewe” likafunga mlango. Waliosimulia baada ya hapo waliiweka vita mahali pake.

Watoto wa Muhuru, ambao baba zao ni wavuvi, hawakuridhika na ziwa. Walitaka kujua mtu aliye kwenye mtumbwi usiku anaijuaje digrii 1, na kama Migingo imo ndani ya mstari huo. Migingo iko kaskazini mwa mstari, na mzozo wake ni wa Kenya na Uganda, kwa mpaka mwingine unaokata ziwa na ulioelezwa katika amri ya Waingereza ya 1926. Mwalimu ameanza kuikusanyia hiyo nayo karatasi yake, na 1902 ya Mbita itabidi iingie safari hii, maana bila mwaka huo mpaka wa Uganda hauna pa kuanzia.